Sarafu ipi imeuzwa? Kuchagua fungu la gharama, kutoka Kisarawe hadi Maili Moja

Mtu aliyenunua Bitcoin mara tatu kwa bei tatu tofauti, kisha akauza sehemu tu ya alizonazo, hawezi kujua faida yake mpaka aseme ameuza zipi. Bei ya kuuzia inajulikana. Kisichojulikana ni gharama ya kuitoa kwenye bei hiyo, kwa sababu kila ununuzi uliacha fungu lake, lenye tarehe yake na bei yake. Sarafu zenyewe hazina alama ya kuzitofautisha, kwa hiyo lazima iwepo kanuni ya kuunganisha mauzo na fungu fulani.

Kanuni mbili ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni cha kwanza kuingia, cha kwanza kutoka, ambayo wahasibu huifupisha kuwa FIFO: fungu la zamani kuliko yote ndilo linalohesabiwa kuwa limeuzwa kwanza, muuzaji apende asipende. Ya pili ni utambuzi mahsusi, ambapo muuzaji mwenyewe anateua fungu na kuandika kwamba hili ndilo analouza. Ghala la korosho linasaidia kuziona zote mbili. Magunia yakitolewa kwa mpangilio wa kuingia, hiyo ni FIFO. Mwenye ghala akienda na namba ya gunia mkononi akasema toa hili, huo ni utambuzi mahsusi, na unawezekana tu kama namba iliandikwa siku gunia lilipopokelewa.

Tofauti ya njia hizi inaonekana vizuri mtu akizifuatilia pesa za ujenzi zinazoingia mkoa wa Pwani kutoka nje. Mfano unaofuata ni wa kubuni, lakini bei za Bitcoin ndani yake zimekaribiana na zilizokuwepo sokoni katika miezi inayotajwa. Muuguzi mzaliwa wa Kisarawe anaishi Marekani, katika jimbo la Maryland, na ni mkazi wa huko kikodi. Anajenga nyumba Kisarawe. Novemba 2021 alinunua 0.10 BTC wakati Bitcoin moja ni dola 64,000. Desemba 2022, soko likiwa limeanguka, akanunua nyingine 0.10 kwa dola 17,000. Januari 2025 akaongeza 0.10 kwa dola 102,000. Mafungu hayo yaitwe A, B na C, na gharama zake ni dola 6,400, dola 1,700 na dola 10,200.

Katikati ya Julai 2025 fundi anasubiri hela ya msingi na tofali. Bitcoin iko dola 118,000. Muuguzi anabadilisha 0.10 BTC kuwa USDT, sarafu inayofungamanishwa na dola, na kupata 11,800. Wengi hudhani kubadilisha sarafu moja kwa nyingine si kuuza, kwa sababu hakuna noti iliyoshikwa. Kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, hayo ni mauzo kamili: tangu waraka wake wa mwaka 2014 sarafu hizi ni mali, na mali ikibadilishwa kwa mali nyingine faida huhesabiwa palepale.

FIFO inalitoa fungu A. Faida ni dola 5,400. Kwa kuwa fungu hilo limekaa zaidi ya mwaka mmoja, faida yake ni ya muda mrefu, na mtu wa kipato cha kati hutozwa asilimia 15 katika kodi ya shirikisho, yaani dola 810. Muuguzi akiteua fungu C, faida inashuka hadi dola 1,600, lakini fungu hilo lina miezi sita tu. Faida ya muda mfupi hutozwa kama mshahara. Kama kipato chake kiko kwenye daraja la asilimia 22, kodi ni dola 352. Fungu B ndilo baya kuliko yote siku hiyo, kwa faida ya dola 10,100 na kodi ya dola 1,515. Kodi ya jimbo haimo katika hesabu hii.

Kwa muuguzi huyu, basi, kuteua fungu C kunabakiza dola 458 mfukoni mwaka huo. Ila hakujafuta kodi, kumeisogeza mbele. Akifuata FIFO anabaki na B na C, zenye gharama ya jumla ya dola 11,900. Akiteua C anabaki na A na B, zenye gharama ya dola 8,100. Pengo ni dola 3,800, ambalo ndilo hasa pengo kati ya faida ya 5,400 na ile ya 1,600. Siku atakapouza zilizobaki, faida aliyoikwepa leo itamngoja palepale, ingawa mafungu A na B yamekwisha kuvuka mwaka na yanastahili kiwango nafuu.

Ushauri unaosikika mara nyingi, kwamba uza daima fungu la gharama kubwa zaidi, hausimami wenyewe. Tuseme fungu C lilinunuliwa Aprili 2025 kwa dola 84,000 badala ya Januari kwa dola 102,000. Bado ndilo la gharama kubwa kuliko yote matatu. Faida sasa ni dola 3,400, na kwa asilimia 22 kodi ni dola 748, nafuu ya dola 62 tu kuliko FIFO. Mwenzake wa kazini aliye kwenye daraja la asilimia 24 angelipa dola 816, yaani dola 6 zaidi ya kama angeacha FIFO ifanye kazi yake. Anayeteua fungu hana budi kutazama gharama na umri kwa pamoja, maana fungu changa la gharama kubwa linaweza kutozwa zaidi ya fungu kongwe la gharama ndogo.

Sheria ya Marekani inaruhusu uteuzi huo kwa masharti mawili, na hapo ndipo watu wengi hujikwaa. Sharti la kwanza ni wakati. Fungu liteuliwe kabla ya mauzo au saa ileile ya mauzo, na uteuzi uwe umeandikwa. Mtu anayekaa mwezi wa Machi na programu ya kompyuta, akapitia mauzo ya mwaka uliopita na kuchagua mafungu yanayompunguzia kodi, hajafanya utambuzi mahsusi. Kisheria mauzo yake yalikwisha kupangwa na FIFO dakika yalipofanyika. Programu itampa majibu mazuri bila kumwonya, kwa sababu inachojua ni hesabu tu. Maandishi yenyewe si makubwa. Sentensi moja inatosha, mradi ina tarehe: `15/07/2025 10:05 UTC, uza 0.10 BTC, fungu C la Januari 2025, pochi ya jukwaa`. Barua pepe aliyojitumia mwenyewe dakika tano kabla ya kuuza ni ushahidi mzuri kuliko jedwali la kupendeza lililotengenezwa mwaka uliofuata. Sarafu zikiwa kwenye jukwaa, utaratibu mpya unataka jukwaa lenyewe liambiwe. Kwa mwaka 2025 IRS ilitoa ahueni na kukubali kumbukumbu za mteja mwenyewe, kwa kuwa majukwaa yalikuwa hayajawa tayari kupokea maagizo hayo.

Sharti la pili ni pochi. Kabla ya 2025 wengi walichukua sarafu zao zote kama rundo moja, popote zilipo. Kanuni zilizokamilishwa Juni 2024 zilikomesha hilo kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Sasa hesabu inafanywa pochi kwa pochi na akaunti kwa akaunti. Kama fungu B liko kwenye pochi ya simu, na A na C ziko kwenye akaunti ya jukwaa, muuguzi akiuza kutoka kwenye simu ameuza B. Hawezi kusema moyoni alikusudia C. Kwa haraka ya kumtumia fundi hela, kubonyeza pochi isiyo sahihi kungempandishia kodi kutoka dola 352 hadi dola 1,515. Angeweza kuhamisha sarafu kwanza, kwani kuhamisha kutoka pochi yako moja kwenda nyingine si mauzo, na fungu husafiri na tarehe na gharama yake. Lakini hata uhamisho una mpangilio: kama pochi ina mafungu mawili na sehemu tu inahama, asipoandika lipi linahama, la zamani zaidi ndilo linalohesabiwa limehama.

Anayeishi Uingereza hana haja ya kuumiza kichwa kwa haya. Kule uchaguzi haupo. Mauzo hulinganishwa kwanza na ununuzi wa siku ileile, kisha na ununuzi wa siku 30 zinazofuata, na kilichobaki hutolewa kwenye kapu moja la wastani wa gharama. Mtanzania aliyehama kutoka Maryland kwenda Reading na kuendelea kuteua mafungu angekuwa anaandika hadithi tu.

Muuguzi anatuma USDT 5,000 kati ya zile 11,800. Zinafika Kibaha, kwa mfanyabiashara wa Maili Moja anayenunua na kuuza USDT na kulipa kwa simu au benki. Anazichukua kwa shilingi 2,590 kila moja na kumlipa fundi wa Kisarawe shilingi 12,950,000. Upande wa Marekani mambo yameisha. Upande wa Kibaha fungu jipya limezaliwa, na safari hii gharama yake ni ya shilingi.

Hapa pana jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa USDT hawalioni. Husema sarafu hiyo haina faida wala hasara ya bei kwa sababu ni dola moja leo na dola moja kesho. Ni kweli kwa anayehesabu kwa dola. Daftari la Kibaha ni la shilingi, na sheria ya kodi ya mapato inataka hesabu za shilingi. Shilingi haitulii: kati ya Oktoba na Desemba 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400, kisha ikapanda tena miezi iliyofuata. Aliyelala na USDT zake katika majuma hayo alipoteza zaidi ya shilingi 250 kwa kila moja bila kuuza hata moja.

Mfanyabiashara wa mfano huu ana mafungu matatu. Mei alinunua USDT 3,000 kwa shilingi 2,700. Juni alinunua 4,000 kwa shilingi 2,640. Julai zikaja zile 5,000 za muuguzi kwa shilingi 2,590. Jumla ni USDT 12,000 zilizomgharimu shilingi 31,610,000. Mwagizaji wa bidhaa anafika na kununua 4,000 kwa shilingi 2,620, analipa shilingi 10,480,000.

Kwa FIFO zinatoka 3,000 za Mei na 1,000 za Juni, zenye gharama ya shilingi 10,740,000. Ni hasara ya shilingi 260,000. Kwa kuteua fungu la Julai, gharama ni shilingi 10,360,000 na daftari linaonyesha faida ya shilingi 120,000. Biashara ni ileile, mteja ni yuleyule, na fedha iliyoingia ni ileile. Kwa mfanyabiashara anayetaka kujua kama wiki yake ilikuwa nzuri, jibu la pili linavutia, kwa sababu anakumbuka wazi kwamba alinunua kwa 2,590 na kuuza kwa 2,620.

Ila faida hiyo haina miguu. Baada ya kuteua fungu la Julai anabaki na USDT 8,000 zilizomgharimu shilingi 21,250,000, wakati kwa bei ya siku hiyo zinauzika kwa shilingi 20,960,000. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa bidhaa, IAS 2, inataka bidhaa iliyobaki ithaminiwe kwa gharama au kwa thamani inayotarajiwa kupatikana ikiuzwa, ile iliyo ndogo. Akifunga hesabu siku hiyo lazima apunguze shilingi 290,000, na faida ya 120,000 inageuka hasara ya 170,000. Wapo wahasibu watakaosema USDT, kwa kuwa ina kampuni inayoahidi kuikomboa, iwekwe kama mali ya kifedha na si bidhaa ya dukani. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama mali hiyo itapimwa kwa bei ya soko kila hesabu zinapofungwa, ndiyo kwanza uteuzi wa fungu unapoteza maana.

IAS 2 yenyewe inakataa utambuzi mahsusi kwa vitu vingi vinavyofanana kiasi cha kubadilishana, na sababu inayotolewa ni hiyohiyo: mwenye mali angeweza kuchagua matokeo ya faida anayoyataka. Kwa bidhaa za aina hiyo inaacha njia mbili tu, FIFO na wastani wa gharama. Njia ya cha mwisho kuingia, cha kwanza kutoka iliondolewa katika marekebisho ya mwaka 2003. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda inafuata mkondo huo kwa bidhaa zisizotambulika moja moja, na huko aliyekwisha kuchagua njia haruhusiwi kuibadilisha bila idhini ya maandishi ya kamishna. Kwa mfanyabiashara wa Maili Moja anayezungusha USDT kila siku, FIFO ndiyo njia inayostahili. Wastani nao unakubalika, na kwa mauzo haya ungetoa hasara ya karibu shilingi 56,700. Utambuzi mahsusi unamfaa mwenye mafungu machache aliyoyaweka kwa miaka, kama muuguzi. Haumfai mwenye mzunguko.

Lipo na la kodi ya Tanzania. Benki Kuu iliutahadharisha umma Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki na sheria za nchi, lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa mauzo au uhamisho wa mali za kidijitali, ikimtaka mwenye jukwaa au anayewezesha muamala aikate. Asilimia hiyo inapigwa kwenye thamani ya muamala. Mauzo yale ya shilingi 10,480,000 yakipita kwenye jukwaa linalokata, zuio ni shilingi 314,400, iwe daftari linasema hasara ya 260,000 au faida ya 120,000. Kenya ilikuwa na kodi ya asilimia 3 ya namna hiyo kuanzia Septemba 2023, ikaifuta katikati ya 2025 na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Kodi inayopigwa kwenye thamani nzima haijali njia ya mafungu hata kidogo.

Vivyo hivyo kwa mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa makadirio ya mauzo. Njia ya mafungu inaanza kuuma pale kodi inapopigwa kwenye faida, na mlango huo uko karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Kikomo cha makadirio ni mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Anayeuza USDT 200 kwa siku kwa shilingi 2,600 anafikisha shilingi 520,000 kwa siku, na katika siku 193 amekwisha kuvuka. Faida yake halisi inaweza kuwa shilingi 20 au 30 kwa kila moja, lakini anayesoma mauzo yake anaona milioni mia. Bila daftari la mafungu hana cha kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya fedha hiyo ni gharama.

Daftari hilo linahitaji vitu vichache kwa kila fungu: tarehe na saa, pochi, kiasi, shilingi zilizotoka pamoja na ada ya mtandao na ya kutuma pesa, na namba ya muamala. Saa ina mtego wake. Majukwaa mengi huandika kwa saa za UTC, nyuma ya Kibaha kwa saa tatu, wakati ujumbe wa simu unaoonyesha malipo hutumia saa ya hapa. Ununuzi wa saa nane usiku tarehe 1 Julai unaonekana kwenye jukwaa kuwa ni wa tarehe 30 Juni, saa 23:00. Katika FIFO kosa la saa tatu linaweza kupindua mpangilio wa mafungu mawili ya usiku mmoja, au kuhamishia fungu kwenye mwaka mwingine wa hesabu. Dawa ni kuchagua saa moja na kuitumia kila mahali.

Daftari lililoharibika hujitambulisha lenyewe. Kila mwisho wa mwezi, jumla ya vilivyobaki kwenye mafungu ya pochi moja inapaswa kulingana na salio linaloonekana kwenye pochi hiyo. Ikizidi salio, mara nyingi kuna mauzo au ada ya mtandao ambayo haikuandikwa. Ikipungua, kuna fungu lililotolewa mara mbili, au uhamisho kutoka pochi ya mtu mwenyewe uliochukuliwa kama mauzo upande mmoja na haukupokelewa upande wa pili. Fungu lenye gharama sifuri ni dalili nyingine: programu haikupata kumbukumbu ya ununuzi, labda jukwaa la zamani lilifungwa kama FTX ilivyoanguka Novemba 2022, ikaweka sifuri na kuligeuza fungu zima kuwa faida.

Sheria ya usimamizi wa kodi ya Tanzania inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka mitano. Kwa sarafu zinazowekwa muda mrefu, miaka hiyo haitoshi ikihesabiwa tangu siku ya ununuzi. Fungu A la muuguzi lilinunuliwa Novemba 2021, na kama hakuliuza 2025 linaweza kuwa bado lipo mwaka 2030. Risiti ya siku ile ndiyo itakayohitajika siku ya kuuza, na kwa muda wote wa ukaguzi unaofuata mauzo hayo.